Umegongwa na gari na una kadi ya bima ya afya: nani alipe, nani arudishiwe, na usisaini nini

Mtu akigongwa na daladala Dar es Salaam, bima mbili huanza kufanya kazi kwa wakati mmoja, na mara nyingi majeruhi hajui hilo. Ya kwanza ni kadi yake ya afya, inayomlipia kitanda, upasuaji na dawa. Ya pili ni bima ya gari lililomgonga. Hata ikiwa "bima ndogo" tu, hiyo ndiyo inayobeba deni la dereva na mwenye gari kwa watu waliowaumiza. Bima ya kwanza hulipa haraka bila kuuliza nani mkosaji. Ya pili hulipa polepole, na haitoi hata shilingi mpaka ijue kosa ni la nani.

Kati ya bima hizo mbili ipo haki ambayo watu wengi huisikia baada ya kuharibu mambo. Ni haki ya bima ya afya kusimama mahali pako na kudai kwa aliyekugonga fedha ilizotumia kukutibu. Watu wa bima huiita subrogesheni, na kwa Kiswahili chepesi ni haki ya kushika nafasi. Mwongozo huu unamfuata majeruhi mmoja wa mfano, kuanzia lami hadi malipo, na kuonyesha haki hiyo inaingia wapi.

Tumwite Salma. Anauza nguo Kariakoo na ana kadi ya bima binafsi ya afya kupitia kazi ya mumewe. Asubuhi moja anavuka Barabara ya Shekilango, hatua kama 30 kutoka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, anagongwa na daladala na kuvunjika mfupa wa muundi. Majeraha yake, tarakimu zake na jina lake tumevitunga. Utaratibu anaoupitia ndio wa kweli.

Neno la kwanza mapokezini

Kosa linaloua madai mengi hufanyika kabla majeruhi hajapigwa hata eksirei. Ndugu aliyemleta hospitali anahofu kwamba kadi itakataliwa akisema ni ajali ya gari, kwa hiyo anasema mgonjwa "ameanguka ngazi". Mhudumu anaandika hivyo, na daktari ananakili hivyo. Miezi minne baadaye, kampuni ya bima ya gari inaomba faili la matibabu na kukuta mtu aliyeanguka ngazi. Kuanzia hapo unabishana na maandishi yako mwenyewe.

Hofu hiyo mara nyingi haina msingi. Mikataba mingi ya bima ya afya hulipia majeraha ya ajali tangu siku ya kwanza, hata pale ambapo magonjwa mengine yana muda wa kusubiri. Kinachoweza kukunyima ni mazingira fulani yaliyotajwa kwenye mkataba: kuendesha ukiwa umelewa, kushiriki mashindano ya magari, na katika baadhi ya mikataba kuendesha pikipiki bila leseni au bila kofia ngumu. Kugongwa ukiwa unatembea hakumo humo. Mwambie mhudumu ukweli: umegongwa na gari, wapi, saa ngapi, na namba ya gari kama unayo. Kisha soma wanachoandika kwenye faili, kwa sababu "RTA" au "ajali ya barabarani" ndilo neno utakalolihitaji baadaye.

Bima ya afya nayo inapaswa kujulishwa mapema. Kwa dharura, hospitali huanza kutibu na kuomba kibali baadaye, lakini mikataba mingi huweka saa au siku chache za kutoa taarifa baada ya kulazwa. Ndugu mmoja apige namba iliyo nyuma ya kadi siku hiyohiyo, na aandike jina la aliyepokea simu pamoja na namba ya kumbukumbu aliyopewa. Upasuaji wa kuweka chuma, ambao kwa kawaida hupangwa siku moja au mbili baada ya ajali, karibu kila mara unahitaji kibali chake peke yake.

Karatasi za polisi, na namba ya gari

PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kueleza majeraha. Inatolewa kituoni na kurudi kituoni, kwa hiyo piga picha kurasa zake zote baada ya daktari kujaza na kugonga muhuri, kabla haijaondoka mikononi mwenu. Daktari akiandika "mguu umeumia", mwombeni aandike mfupa gani, upande gani na umevunjikaje. Fomu isiyotaja mfupa huwa chanzo cha swali la kwanza la bima ya gari: je, huu mguu ulivunjika siku hiyo kweli?

PF90 ni taarifa ya polisi kuhusu ajali yenyewe. Pamoja nayo ombeni nakala ya ramani ya eneo la ajali aliyochora trafiki na taarifa ya ukaguzi wa gari. Ramani ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo inayoonyesha gari lilisimama umbali gani baada ya kugonga, alama za breki zilianza wapi, na kivuko kilikuwa wapi. Kwa Salma, zile hatua 30 kutoka kwenye kivuko zitamgharimu fedha, na ramani itaamua ni kiasi gani.

Namba ya usajili wa gari inatosha kujua limekatiwa bima wapi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki stika za bima uitwao TIRAMIS. Ukiingiza namba ya gari unaona kampuni iliyolikatia bima na tarehe za mwanzo na mwisho. Fanya hivyo siku ya ajali au kesho yake na uhifadhi picha ya skrini. Daladala nyingi hubadilisha kampuni kila mwaka, na ukiangalia baada ya miezi minane unaweza kuona bima mpya isiyohusika kabisa na siku uliyogongwa. Ukikuta bima ilikwisha kabla ya ajali, jua mapema kwamba utamdai mwenye gari na dereva kwa mifuko yao, na kwamba kadi ya afya ndiyo kimbilio lako kubwa.

Dereva akishtakiwa kwa uendeshaji wa uzembe, fuatilia kesi hiyo mpaka mwisho. Kampuni za bima ya gari kwa kawaida huomba nakala ya hukumu ya trafiki, na kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania hukumu ya mwisho ya jinai ni ushahidi tosha kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Madereva wengi hukiri na kulipa faini ili warudi barabarani. Ungamo hilo ni mali kwako. Ukilipwa laki tatu na mwenye gari "tuyamalize" na kesi ikafutwa, ushahidi huo umeuuza kwa laki tatu.

Bima ipi italipa nini

Bima ya afya hulipa matibabu tu, tena mpaka ukomo ulioandikwa. Hailipi siku ambazo hukufungua duka, nauli ya bajaji kwenda kliniki, wala maumivu. Bima ya gari, kwa upande wa watu wengine, inaweza kulipa vyote: matibabu, mapato yaliyopotea, gharama za baadaye, maumivu na ulemavu. Lakini hulipa kile ambacho dereva angedaiwa kisheria, na hakuna zaidi. Ndiyo maana kosa likiwa lako kabisa, bima ya gari haina cha kukulipa, ilhali kadi ya afya inaendelea kulipa kama kawaida.

Dereva aliyesababisha ajali mwenyewe hayumo kati ya "watu wengine". Bima yake ikiwa kubwa, bado sehemu ya dhima, yaani ile inayolipa aliowaumiza, haimtibu yeye. Anategemea kadi yake ya afya au kipengele cha ajali binafsi kama alikilipia. Abiria wa daladala aliyelipa nauli analindwa. Rafiki aliyepewa lifti kwenye gari binafsi ni suala lingine, na inabidi usome mkataba wa gari hilo kabla ya kumhesabia chochote.

Kama ulikuwa kazini, kwa mfano dereva wa kampuni au mfanyakazi aliyetumwa benki, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaingia kabla ya mjadala huu wote. Mjulishe mwajiri siku hiyohiyo kwa maandishi, na uiambie bima yako ya afya, kwa sababu mikataba mingi haitaki kulipia kinachopaswa kulipwa na mfuko huo.

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: nisubiri bima ya gari ilipe hospitali, au nitumie kadi? Tumia kadi. Bima ya gari haitoi dhamana hospitalini usiku wa ajali, na mfupa hausubiri hukumu ya trafiki. Kutumia kadi hakumwondolei aliyekugonga deni lake. Kinachobadilika ni nani atakayelipokea deni hilo.

Haki ya kushika nafasi inavyofanya kazi

Bima ya kufidia gharama ina kanuni moja ya msingi: inakurudisha ulipokuwa, haikutajirishi. Hospitali ikitoza milioni saba na bima ya afya ikazilipa, wewe hujapoteza hizo milioni saba. Ukizidai tena kwa bima ya gari na kuziweka mfukoni, umelipwa mara mbili kwa hasara moja. Na kama hakuna anayezidai, aliyekugonga anapona kwa sababu tu wewe ulikuwa mwangalifu ukakata bima. Sheria inazuia yote mawili kwa kuiruhusu bima iliyolipa ishike nafasi yako na kumdai mkosaji kiasi ilicholipa.

Haki hii ilitufikia kupitia sheria ya mahakama za Uingereza, ambayo Tanzania iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mikataba ya bima huirudia kwenye vipengele vyake. Ina mipaka minne ambayo inafaa uijue kabla hujapokea barua yoyote.

Bima haiwezi kurudishiwa zaidi ya ilicholipa. Haki yake inaanza baada ya kulipa, si kwa kuahidi. Inadai kwa jina lako na kwa hoja zako, kwa hiyo udhaifu wako ni udhaifu wake pia: ukionekana una asilimia fulani ya kosa, nayo inapunguziwa vilevile. Na inagusa hasara iliyoifidia tu. Maumivu yako, mguu unaochechemea na mauzo uliyopoteza Kariakoo havikulipwa na kadi, kwa hiyo bima ya afya haina sehemu humo.

Kuna aina ya bima ambayo haki hii haiigusi. Ni ile inayolipa kiasi kilichopangwa tangu mwanzo, kama bima ya ajali binafsi inayotoa milioni mbili ukivunjika mguu, au posho ya elfu hamsini kwa kila usiku wa kulazwa. Hiyo haikufidii gharama. Inakulipa kwa sababu tukio limetokea, na umeinunua kwa fedha yako. Mahakama ya Uingereza ilikwisha kusema mwaka 1874, katika shauri la Bradburn, kwamba mkosaji hawezi kupunguziwa deni kwa sababu majeruhi alikuwa na bima yake ya ajali. Kwa hiyo ukiona bima ya gari inakata posho yako ya kulazwa kwenye madai yako, au bima ya afya inaidai, kataa na uombe kipengele cha mkataba kinachowaruhusu. Soma mkataba kwanza, kwa maana wapo wanaochanganya aina zote mbili kwenye kitabu kimoja.

Kwa upande wako una wajibu mmoja ambao ndio moyo wa mwongozo huu: usifanye jambo litakaloharibu haki hiyo. Kumsamehe dereva kwa maandishi, kupokea fedha na kusaini kwamba humdai tena, au kukaa kimya mpaka muda wa kushtaki uishe, vyote vinaifungia bima yako mlango. Nayo ikifungiwa mlango kwa mkono wako, itakugeukia wewe.

Kutayarisha madai: vitabu viwili

Weka kumbukumbu zako kwenye mafungu mawili tangu siku ya kwanza, kwa kuwa yataishia kwa wadai wawili tofauti.

Fungu la kwanza ni la kilicholipwa na kadi. Hapa kuna ugumu mdogo: hospitali hutuma ankara moja kwa moja kwa bima, na wewe huzioni. Iandikie bima yako ya afya kuomba mchanganuo wa gharama zote za ajali hiyo, wenye tarehe, huduma na kiasi. Ukiupata, ukague. Utakuta wakati mwingine vipimo vya malaria vya mtoto wako, au kliniki ya presha, vimeingizwa kwenye gharama za ajali. Vitoe mapema, maana bima ya gari ikivigundua itatilia shaka na vilivyo halali.

Fungu la pili ni la kilichotoka mfukoni mwako. Kila dawa, magongo na vipindi vya mazoezi ya viungo viwe na risiti ya EFD yenye jina lako. Bajaji haitoi risiti, kwa hiyo weka daftari: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, namba ya simu ya dereva, na ikiwezekana lipa kwa simu ili muamala ubaki. Safari zifanane na tarehe za kliniki zilizo kwenye kadi ya hospitali. Daftari lenye safari ya Jumapili wakati kliniki ni Jumanne hukataliwa lote.

Mapato ya mfanyabiashara mdogo ndiyo magumu kuthibitisha. Salma anasema faida yake ni 20,000 kwa siku. Bima ya gari itauliza: inajulikanaje? Atahitaji makadirio yake ya kodi ya TRA, leseni ya biashara, risiti za kununulia mzigo na taarifa ya akaunti ya simu ya miezi sita kabla ya ajali na miezi mitatu baada yake. Kiasi alichokitangaza TRA kikiwa chini ya anachodai, atalipwa kwa kile cha TRA, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Ripoti ya mwisho ya daktari iombwe baada ya mfupa kuunga, si kabla. Itaje kama kuna ulemavu wa kudumu na kwa asilimia ngapi, na kama chuma kitatolewa baadaye, lini na kwa gharama gani.

Hesabu ya Salma

Miezi mitano baada ya ajali, mafungu yake yako hivi. Bima ya afya imelipa 7,200,000: upasuaji na chuma 5,600,000, wodi siku tano 600,000, picha, kliniki na mazoezi 1,000,000. Mfukoni mwake zimetoka 800,000, nusu yake ikiwa mazoezi ya viungo baada ya ukomo wa kadi kufika. Faida iliyopotea kwa miezi mitatu, siku 26 kila mwezi kwa 20,000, ni 1,560,000. Kutoa chuma baadaye kunakadiriwa 2,200,000. Kwa maumivu na mguu kutokunjika vizuri anadai 6,000,000. Jumla yote ni 17,760,000.

Kampuni ya bima ya daladala inampigia simu na kutoa 11,000,000, "malipo kamili na ya mwisho". Kwa mtu aliyekaa miezi mitatu bila kuuza, ni fedha nyingi, na anapewa hati moja asaini. Akisaini, hati hiyo inamaliza madai yote yanayotokana na ajali, yakiwemo ya matibabu. Mwezi unaofuata bima ya afya inaandika barua ikidai 7,200,000 zake. Bima ya gari inajibu kwamba imekwisha kulipa na ina saini. Bima ya afya inamgeukia Salma. Akiilipa yote, anabaki na 3,800,000, wakati gharama zake tupu, mfukoni, faida iliyopotea na kutoa chuma, ni 4,560,000. Amelipwa, na bado amekula hasara ya 760,000, huku maumivu yake yakiwa hayakuhesabiwa hata senti.

Njia sahihi inaanza wiki nyingi kabla ya simu hiyo. Salma anaijulisha bima ya afya kwa barua kwamba anaidai bima ya gari, akitaja namba ya gari, kampuni na kituo cha polisi. Anaiambia bima ya gari kwamba sehemu ya matibabu italetwa na bima ya afya yenyewe. Kisha madai yanaenda kama mawili. Lake yeye ni 10,560,000. La bima ya afya ni 7,200,000.

Bima ya gari inatoa ramani ya ajali na kusema Salma alivuka nje ya kivuko. Wanabishana na kukubaliana kosa lake ni asilimia 20. Kwa hiyo Salma analipwa 8,448,000 na bima ya afya inalipwa 5,760,000. Zile 1,440,000 zilizopungua kwa bima ya afya hazimhusu Salma. Ilipomkatia bima ilikubali kumtibu hata akivunjika kwa kosa lake mwenyewe, na sehemu hiyo ya hasara ni yake. Wapo maofisa wa madai wanaojaribu kumdai mteja tofauti hiyo. Mjibu kwa maandishi kwamba haki yao haizidi kilichopatikana kwa mkosaji kwa ajili ya matibabu.

Dischaji vocha, na maneno ya kuongeza

Hati hiyo ya kumaliza madai, ambayo ofisini wanaiita dischaji vocha, karibu daima imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Usisaini siku uliyopewa. Tafuta mahali panaposema madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, sasa na baadaye. Kama bima yako ya afya haijalipwa sehemu yake, omba maneno haya yaongezwe kabla ya saini:

"Malipo haya hayahusu gharama za matibabu zilizolipwa au zitakazolipwa na bima ya afya ya mdai kutokana na ajali hii. Haki ya bima hiyo kuzidai gharama hizo kwa mkatiwa bima na kwa kampuni inabaki kamili."

Wakikataa kuyaongeza, usisaini mpaka bima ya afya ikubali kiasi hicho kwa maandishi na kueleza inachukua sehemu gani. Mara nyingi bima ya afya hukubali kupunguza, kwa sababu kudai kwenyewe kuna gharama, na ofisa anayeona faili lililopangwa vizuri huona pia kwamba kesi ya miaka mitatu haimfai. Hilo punguzo lijadiliwe kabla ya saini. Baada ya saini huna cha kubadilishana.

Malipo yaingie kwenye akaunti yako kwa jina lako. Vishoka wanaozunguka vituo vya polisi na wodi za mifupa wakiahidi "kukutolea hela ya bima" huja na hati ya uwakilishi inayowapa wao haki ya kupokea na kusaini. Ukihitaji mtu wa kukusemea, tafuta wakili mwenye leseni, na saini ya mwisho ibaki yako.

Bima ya gari ikikaa kimya

Kwa makosa ya madai kama kugongwa, Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kuanzia siku ya ajali. Mazungumzo hayasimamishi saa hiyo, hata bima ikiandika barua kumi za "tunalifanyia kazi". Ukifika mwaka wa pili bila jibu, fungua shauri.

Anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari. Bima haishtakiwi mwanzoni. Chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, wajibu wake wa kukulipa unakuja baada ya wewe kupata hukumu dhidi ya mkatiwa bima wake. Lakini ni lazima ijulishwe kwamba shauri lipo. Ipe taarifa ya maandishi kabla ya kufungua, ipokelewe kwa muhuri, na uweke nakala. Bima isiyojulishwa kwa wakati ina utetezi mwepesi wa kukataa kulipa hukumu uliyoihangaikia. Mjulishe pia ofisa wa madai wa bima ya afya, ili gharama zake ziingizwe kwenye hati ya madai hiyohiyo. Hasara moja haitengenezewi kesi mbili, na ukiacha matibabu nje ya shauri lako, huenda yasipate mlango tena.

Wakati mwingine bima ya gari hujitetea kwamba dereva hakuwa na leseni au gari lilibeba abiria kupita kiasi. Uvunjaji wa masharti ya namna hii si kila mara unamgusa majeruhi: bima inaweza kulazimika kukulipa, kisha ikamrudia mwenye gari kwa fedha hizo. Huo ni urejeshaji mwingine kabisa, kati yao wawili. Usikubali ugomvi wao ugeuke kuwa sababu ya wewe kusubiri.

Mgogoro ukiwa na bima yako ya afya, labda inakudai zaidi ya ilicholipa au imezuia kadi yako ili kukushinikiza, andika kwanza kwa meneja wa madai na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, peleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatisha mchanganuo wa gharama, vocha na barua zote kwa mpangilio wa tarehe.

Chuma kinapotolewa

Mwaka mmoja na nusu baadaye, daktari wa Salma anaamua kutoa chuma. Kadi yake bado inafanya kazi na hospitali inataka kuitumia. Hapa asisahau kwamba 2,200,000 za kazi hiyo zilikuwemo kwenye madai yake na alikwisha kulipwa asilimia 80 yake, yaani 1,760,000. Akitumia kadi na kukaa kimya, amelipwa mara mbili, na bima ya afya, ambayo ina nakala ya vocha, italiona hilo kwenye mchanganuo wake. Aiandikie kabla ya upasuaji: ana 1,760,000 kwa ajili ya chuma, anaomba kadi ilipie kinachozidi. Kwa ankara ya 2,300,000, kadi italipa 540,000, na faili la ajali hiyo litafungwa pande zote mbili.